Madoa ya majani ya nyanya: jinsi ya kutofautisha blaiti mbili kabla ya kununua dawa

Katika maduka ya agroveti ya Garsen, Minjila na Hola, jambo moja hutokea kila msimu wa nyanya. Mkulima anaingia na jani moja lenye madoa, analiweka juu ya kaunta na kuomba dawa ya blaiti. Muuzaji analitazama mara moja, anageukia rafu nyuma yake na kutoa pakiti. Jani lile huwa limenyauka kwa jua la njiani, halionyeshi lilichumwa sehemu gani ya mmea, na mara nyingi hakuna aliyeligeuza kuangalia upande wa chini.

Tatizo ni kwamba neno blaiti linabeba magonjwa mawili yasiyo na undugu. Moja ni blaiti ya mapema, na la pili ni blaiti ya kuchelewa. Wenzetu wa Tanzania huyaita bakajani tangulia na bakajani chelewa. Yote mawili hushambulia nyanya na viazi mviringo, na yote huanza kwa doa la rangi ya kahawia. Lakini blaiti ya kuchelewa inaweza kumaliza shamba zima kwa siku saba hadi kumi, ilhali blaiti ya mapema hupanda polepole kutoka chini na kumpa mkulima nafasi ya kuizuia kwa mikono yake, ikitambuliwa mapema. Anayeichukulia ya kuchelewa kuwa ya mapema hupoteza zao. Anayekosea kwa upande wa pili hutumia fedha kununua kiambato ambacho hakiugusi ugonjwa wake, na madoa yanaendelea kupanda huku akiamini kwamba amekwisha kupiga dawa.

Hata majina yenyewe yanapotosha. Blaiti ya mapema haiji mapema katika maisha ya mmea. Kwa kawaida huonekana nyanya zikishaanza kubeba matunda, na huanzia kwenye majani makuukuu. Blaiti ya kuchelewa nayo haingoji. Inaweza kuua miche kitaluni ikiwa hali ya hewa inairuhusu. Heri mkulima asahau majina na kuangalia doa.

Joto la Garsen linasema nini

Kabla ya kuangalia jani, inafaa kujua ni ugonjwa upi unaopenda mazingira ya Tana River. Blaiti ya mapema husababishwa na kuvu wa jamii ya Altenaria. Huyu hustawi kwenye joto la nyuzi 24 hadi 29 hivi, na hahitaji mvua nyingi. Umande wa usiku ukikaa juu ya jani kwa saa kadhaa, kisha jua likakausha, kisha umande ukaanguka tena, yeye anaridhika. Hali hiyo ndiyo ya kando ya mto kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Blaiti ya kuchelewa husababishwa na kiumbe aitwaye Fitofthora, ambaye hufanana na kuvu kwa macho lakini si kuvu halisi. Kwa nasaba yuko karibu zaidi na miani ya majini. Yeye hupenda ubaridi na unyevu pamoja: nyuzi 12 hadi 22 hivi, mawingu, manyunyu, na majani yasiyokauka kwa nusu siku au zaidi. Joto likipita nyuzi 30 na hewa ikiwa kavu, huduwaa. Ndiyo maana anaogopwa sana Nyandarua, Meru na Kinangop kuliko pwani. Ndiye aliyeteketeza viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka 1845, katika njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Nchini Kenya aliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1941.

Kwa hiyo madoa yakitokea Garsen mwezi wa Januari au Februari, jua likiwa kali na mvua hakuna, uwezekano mkubwa ni blaiti ya mapema. Hata hivyo haifai kuiondoa kabisa ile nyingine. Kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi ukivuma na mawingu yakitanda kwa siku kadhaa mfululizo, majani yaliyosongamana kando ya mto hubaki na maji hadi saa tatu au nne asubuhi. Mkulima aliyenunua miche kutoka nyanda za juu anaweza pia kuwa ameleta ugonjwa pamoja nayo. Hali ya hewa humwambia mkulima ategemee nini. Jibu lenyewe liko kwenye jani.

Swali la kwanza: doa lilianzia wapi?

Simama mbele ya mmea uliosimama shambani, si jani lililochumwa. Tazama kuanzia ardhini kwenda juu.

Blaiti ya mapema huanza chini. Vimelea vyake husalia kwenye mabaki ya nyanya za msimu uliopita yaliyoachwa juu ya udongo, na tone la mvua au la maji ya umwagiliaji linapogonga ardhi huvirusha hadi kwenye majani yaliyo karibu. Majani hayo ya chini ndiyo makuukuu, na jani kuukuu halina nguvu ya kujikinga kama lile changa. Ndiyo sababu mmea ulioshambuliwa huonekana kama umevaa nguo ya rangi tatu: chini majani yamekauka na kuning'inia, katikati yana madoa na rangi ya njano, juu kabisa bado ni ya kijani safi. Mmea wenye njaa ya mbolea ya naitrojeni, au uliobeba matunda mengi kuliko uwezo wake, hushambuliwa haraka zaidi.

Blaiti ya kuchelewa haifuati ngazi hiyo. Mbegu zake huruka na upepo wenye unyevu na kutua popote: jani la juu, jani la katikati, kikonyo au shina. Mara nyingi huonekana kwanza kwenye ncha au ukingo wa jani, mahali maji yanapokusanyika. Ukiona majani machanga ya juu yameungua wakati ya chini bado ni mazima, usifikirie blaiti ya mapema.

Katika shamba zima pia kuna tofauti. Blaiti ya mapema husambaa karibu kila mahali kwa kiwango kidogo kidogo, hasa pale nyanya zilipokuwa mwaka jana. Ya kuchelewa huanza kama kiraka, mimea mitano au kumi pamoja, mara nyingi kwenye kona yenye kivuli au iliyo chini, kisha hupanuka kufuata upepo.

Swali la pili: ndani ya doa kuna nini?

Hapa ndipo alama kubwa ilipo, na inaonekana kwa macho matupu.

Doa la blaiti ya mapema huanza likiwa dogo kama kichwa cha pini, jeusi au la kahawia iliyokolea. Likikua hufikia upana wa sentimita moja au zaidi kidogo, na ndani yake hutokea miviringo, duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa kwa kukingama au kama pete zinazoonekana kwenye kisiki cha mti. Miviringo hiyo hutokana na ukuaji wa vipindi: kuvu husonga mbele jani likiwa na unyevu, hupunguza mwendo likikauka, kisha husonga tena. Doa ni kavu, na likibonyezwa kwa kidole hupasuka kama karatasi iliyokauka. Kuzunguka doa kuna ukanda wa njano, na madoa yakizidi jani lote hugeuka njano na kuanguka. Kwenye madoa madogo sana pete hazijajitokeza, hivyo tafuta doa kubwa zaidi kwenye jani la chini kabisa.

Doa la blaiti ya kuchelewa halina miviringo. Mwanzoni huonekana kama sehemu iliyolowa, rangi ya kijani kilichofifia au kijivu, mfano wa karatasi iliyodondokewa na mafuta ya kupikia. Baada ya siku moja au mbili katikati hugeuka kahawia au jeusi, lakini ukingo hubaki wa kijani hafifu kilicholowa, usio na mpaka ulionyooka. Doa halijali mishipa ya jani. Hupita juu yake na kuendelea. Jani halingoji kugeuka njano. Husinyaa likiwa bado na kijani chake, kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Shamba lililoshambuliwa sana hutoa harufu nzito ya majani yanayooza, na anayepita kando yake asubuhi huinusa kabla ya kuona chochote.

Tahadhari moja inahitajika. Jua la Garsen hulikausha doa la blaiti ya kuchelewa haraka sana. Ifikapo saa nane mchana, doa lililokuwa limelowa alfajiri linaweza kuwa kavu na la kahawia, na kwa mbali likafanana na lile lingine. Ndiyo maana saa ya kukagua ina uzito kama macho yenyewe.

Swali la tatu: chini ya jani kuna nini alfajiri?

Ingia shambani kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, kabla umande haujakauka. Geuza jani. Ikiwa ni blaiti ya kuchelewa na usiku ulikuwa na unyevu wa kutosha, utaona utando mweupe mwembamba kama vumbi la unga au pamba iliyochambuliwa, umekaa kwenye ukingo wa doa pale sehemu iliyokufa inapokutana na sehemu hai. Haukai katikati, kwa sababu kiumbe huyu anaishi ndani ya tishu hai na katikati pamekwisha kufa. Jua likipanda utando huo hutoweka. Blaiti ya mapema haina utando mweupe. Chini ya jani doa lake ni la kahawia vilevile, pengine na weusi kidogo kama masizi.

Kama huoni kitu na bado una shaka, kuna jaribio la usiku mmoja linaloweza kufanyiwa jikoni. Chukua majani manne au matano yenye madoa mapya, yaani yaliyo na ukingo ambao bado ni hai. Tafuta kopo lenye kifuniko, la mandazi au la siagi litafaa. Mfuko wa plastiki hauhitajiki na ulikwisha kupigwa marufuku tangu mwaka 2017. Weka ndani kitambaa au karatasi ya tishu iliyolowa na kukamuliwa, kisha laza majani juu yake upande wa chini ukiangalia juu. Yasigusane na yasielee kwenye maji. Funika, weka mahali pa giza na baridi kuliko pote nyumbani, kwa mfano sakafuni karibu na mtungi wa maji. Asubuhi fungua na utazame kwa kuinamisha jani kuelekea mwanga. Utando mweupe ukiwa umeota kwenye ukingo wa doa, hiyo ni blaiti ya kuchelewa. Usipoota, rudia usiku wa pili kabla ya kuamua, maana nyumba yenye joto la nyuzi 28 humchelewesha. Ukungu wa rangi ya kijivu au kijani ulioota katikati ya doa siku ya tatu si ushahidi wa lolote; hizo ni kuvu za kawaida zinazokula jani lililooza.

Mfano wa shamba la robo ekari

Tuseme mkulima wa Ngao ana robo ekari ya nyanya aina ya Cal J, miche 2,500 hivi, aliyoihamisha kutoka kitaluni katikati ya mwezi wa Mei. Wiki ya kwanza ya Julai matunda ya kwanza yana ukubwa wa yai na anaona madoa. Jirani anamwambia ni ile ya baridi, kwa sababu mawingu yamekaa siku nne, na anamshauri akimbilie dawa kali kabla shamba halijaisha.

Badala ya kukimbia, anaingia shambani Jumatatu saa moja asubuhi. Anatembea kwa mwendo wa zigizaga kutoka pembe moja hadi nyingine na kukagua mimea 20, si ile iliyo karibu na njia pekee. Mimea 14 ina madoa. Katika yote 14 madoa yako chini ya goti. Hakuna hata mmoja wenye doa kwenye majani ya juu, na hakuna kiraka kilichokufa. Madoa makubwa yana miviringo miwili au mitatu. Anageuza majani kumi na hakuna weupe.

Mpaka hapo ushahidi unaelekea upande mmoja, lakini zile siku nne za mawingu bado zinamsumbua, na ana haki ya kusumbuka. Hivyo anafanya mambo mawili. Anaweka majani matano kwenye kopo la usiku. Kisha anachagua madoa matatu kwenye mimea tofauti, anayazungushia wino wa kalamu pembeni kabisa mwa ukingo, na kufunga uzi kwenye vikonyo ili ayapate tena. Doa la kwanza lina upana wa milimita 4.

Jumanne asubuhi kopo halina utando, na Jumatano vilevile. Alhamisi doa lililokuwa milimita 4 limefika 6, na mengine mawili yameuvuka wino kidogo tu. Huo ndio mwendo wa blaiti ya mapema. Kama ingekuwa ya kuchelewa katika mawingu yale, doa la milimita 8 Jumatatu lingeweza kufika milimita 20 ifikapo Jumatano, na jani lote lingekuwa limesinyaa kabla ya Jumapili.

Kusubiri huko kwa siku tatu kuna masharti yake. Kunafaa pale tu ishara za mwanzo zinapoelekea kwenye blaiti ya mapema. Ikiwa Jumatatu angekuta majani ya juu yamelowa na kuungua, au utando mweupe chini ya jani moja tu, asingesubiri kitu. Angeng'oa mimea iliyoathirika na ile inayoizunguka siku hiyo hiyo na kumwita afisa wa kilimo.

Kwa nini pakiti ile ile haifai kila mara

Pakiti nyingi zinazouzwa kwa jina la dawa ya blaiti huwa na viambato viwili, mara nyingi metalaksili na mankozebu. Metalaksili huingia ndani ya mmea na humwua Fitofthora na ndugu zake. Kwa Altenaria haina nguvu yoyote. Mankozebu hukaa juu ya jani na huzuia magonjwa yote mawili, ila kama kinga tu: haiponyi doa lililokwisha kuingia, na mvua huiosha. Mkulima wa Ngao akinunua mchanganyiko huo atakuwa amelipia viambato viwili na kufanyiwa kazi na kimoja. Mbaya zaidi, metalaksili ikitumiwa ovyo mara kwa mara husaidia aina sugu za Fitofthora kubaki, na siku ugonjwa wenyewe unapofika dawa haifanyi kazi.

Kwa hiyo anayekwenda dukani aombe dawa iliyoandikwa kwenye lebo kwamba ni ya blaiti ya mapema kwenye nyanya, na ahakikishe lebo ina namba ya usajili inayoanza na PCPB(CR). Orodha ya viambato vinavyoruhusiwa hubadilishwa mara kwa mara na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, hivyo pakiti ya msimu uliopita si kipimo. Lebo hutaja pia siku za kungoja kati ya kupiga dawa na kuvuna. Nyanya za kwanza zikiwa karibu kuiva, siku hizo ndizo zinazoamua kama dawa ipigwe au la, kwa kuwa kreti inayopelekwa soko la Garsen au Malindi italiwa ikiwa mbichi kwenye kachumbari.

Kwa mfano wetu, kazi kubwa haiko kwenye dawa. Siku ya ukavu, umande ukiisha kukauka, mkulima huondoa majani ya chini yenye madoa, kuanzia ardhini hadi kama sentimita 30, na kuyatoa nje ya shamba kwenye gunia. Asiyaache kwenye mtaro, kwa sababu maji ya mtaro ni yale yatakayorudi. Asipunguze zaidi ya hapo kwa mara moja, la sivyo matunda yataungua na jua. Kisha hutandaza majani makavu ya mpunga chini ya mimea. Katika delta bidhaa hiyo hupatikana bure baada ya mavuno, na kazi yake ni kuzuia tone la maji lisirushe udongo juu ya jani. Anayemwagilia kwa pampu na mpira juu ya mimea jioni ahamie asubuhi, na aelekeze maji kwenye mizizi. Msimu ujao nyanya zisirudi pale pale. Kunde, pojo au mahindi yakae hapo kwa miaka miwili au mitatu. Biringanya, pilipili na mnavu hazihesabiki kuwa mabadiliko, kwani ni za ukoo mmoja na nyanya.

Viazi, na gari linalotoka bara

Viazi mviringo si zao la Garsen, lakini wakazi wengi wana jamaa wanaolima bara, na viazi vyenyewe hufika sokoni kwa lori kila wiki. Kwenye jani la kiazi alama ni zile zile kwa tofauti ndogo. Doa la blaiti ya mapema mara nyingi huzuiwa na mishipa mikubwa ya jani, hivyo huwa na pembe badala ya kuwa duara kamili, ingawa miviringo ya ndani ipo. Doa la kuchelewa huvuka mishipa na kufika kwenye shina, na shina hugeuka jeusi na kuvunjika. Aina ya Shangi, inayopendwa kwa kuiva haraka na kuchemka upesi, huathirika kirahisi na blaiti ya kuchelewa.

Kiazi chenye ugonjwa huo kina sehemu ya zambarau au kahawia iliyobonyea kidogo kwenye ngozi. Kikikatwa, chini ya ngozi kuna uozo mkavu wa kahawia nyekundu, wenye chembechembe, unaoingia ndani bila mpaka ulionyooka. Kiumbe huyu hudumu ndani ya kiazi kama hicho. Wafanyabiashara hutupa viazi vibovu nyuma ya soko, navyo huchipua mvua zikinyesha, na chipukizi moja lenye ugonjwa linatosha kupeleka mbegu kwenye nyanya za jirani katika wiki za mawingu. Kuvizika kwa kina cha nusu mita au zaidi kunamaliza hatari hiyo.

Madoa yasiyo ya blaiti

Baadhi ya majani yanayoletwa kwa jina la blaiti hayana blaiti. Anayeongoza ni Tuta, nondo mdogo aliyethibitishwa nchini mwaka 2014. Kiwavi wake hula nyama ya jani na kuacha ngozi, na sehemu hiyo ikikauka huwa kahawia kama doa. Liinue jani kuelekea jua: kama mwanga unapita na ndani kuna vinyesi vyeusi au kiwavi, hapo dawa ya kuvu ni fedha iliyopotea. Madoa madogo meusi ya ukubwa wa milimita mbili au tatu, mengi, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta na yasiyo na pete, huwa ni ya bakteria.

Kwenye tunda, blaiti ya mapema huingilia karibu na kikonyo na kuacha bonde jeusi, gumu kama ngozi, lenye miviringo ile ile. Ya kuchelewa huacha baka la kahawia lenye kung'aa mabegani mwa tunda, na tunda hubaki gumu. Weusi unaotokea kitakoni, upande wa pili kabisa wa kikonyo, si ugonjwa wa kuambukiza. Husababishwa na tunda kukosa kalsiamu, hasa pale maji yanapotolewa leo mengi na kukosekana wiki nzima.

Yapo pia mashamba yenye blaiti zote mbili kwa wakati mmoja, moja ikipanda kutoka chini na nyingine ikishuka kutoka juu, na hapo macho peke yake hayatoshi. Mkulima achukue tawi zima lenye majani ya chini na ya juu, alifunge kwenye gazeti kavu bila kulinyunyizia maji, na alifikishe kwa afisa wa kilimo wa wadi kabla ya saa nne asubuhi. Anayetuma picha kwa simu apige tatu: mmea mzima kutoka chini hadi juu, doa kwa karibu upande wa juu wa jani, na upande wa chini wa jani hilo hilo. Aandike pia lini alipanda, mara ya mwisho alipiga dawa gani, na kama usiku uliotangulia ulikuwa na mvua au umande.